Shajara ya mradi: Rekodi ya dhahabu ya 1980 kwa dola za leo

2 Novemba 2025: Swali

Tarehe 20 Oktoba dhahabu iligusa dola 4,381 kwa wakia ya troi, yaani gramu 31.1, katika soko la papo kwa hapo. Kesho yake ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 5. Siku zote mbili neno lililotawala lilikuwa "rekodi", na ndilo lililonifanya nianze kazi hii. Dola ya 1980 na dola ya 2025 ni kama pishi na kibaba: zote ni vipimo, lakini huwezi kuhesabu vibaba vyako ukasema umepita pishi za babu yako.

Swali langu ni moja. Kilele maarufu cha zamani ni cha 21 Januari 1980, bei elekezi inayowekwa London kila alasiri ilipofika dola 850. Je, nikikigeuza kuwa dola za leo, bei ya sasa bado ni kubwa kweli?

Njia yenyewe ni hesabu ya darasa la sita. Unachukua bei ya zamani, unaizidisha kwa fahirisi ya bei za mlaji ya leo, yaani namba inayoonyesha bei za matumizi ya kila siku zimepanda kiasi gani, unagawa kwa fahirisi ya mwezi ule. Natumia fahirisi ya Marekani, kwa kuwa bei yenyewe imeandikwa kwa dola. Januari 1980 ilikuwa 77.8. Septemba 2025, iliyotangazwa tarehe 24 Oktoba, ni 324.8. Kwa hiyo:

```
850 * 324.8 / 77.8 = 3548.6
```

Dola moja ya Januari 1980 ni sawa na dola 4.17 za Septemba 2025. Pishi na kibaba kweli.

Nilidhani nimemaliza kwa dakika tano: 4,381 ni kubwa kuliko 3,549, tuzime taa tukalale. Naendelea kuandika kwa sababu jibu hilo, kama mtakavyoona, ni moja tu kati ya majibu kadhaa yanayotoka kwenye takwimu zilezile.

4 Novemba 2025: Dola 12 zilizopotea

Kabla ya kutafuta data ya bure nilikimbilia kulipia mwezi mmoja wa huduma ya chati, dola 12. Faili lilikuja safi, lina kila mwezi tangu miaka ya 1970. Nikaenda moja kwa moja kwenye Januari 1980 nikakuta 653.

Nilidhani ni kosa la uchapaji. Halikuwa kosa. Faili lile linaweka bei ya siku ya mwisho ya kila mwezi, na kufikia 31 Januari dhahabu ilikuwa imeshashuka hadi karibu 653. Kilele chote cha 850 kilipanda na kuanguka katikati ya mwezi, na aliyepima mwishoni mwa mwezi hakukiona. Mtu akichora chati kwa faili hilo atapata kilele cha 1980 cha dola 2,726 za leo badala ya 3,549, na hatajua kwa nini.

Nimeacha faili hilo. Nimechukua wastani wa kila mwezi kutoka faili la Benki ya Dunia, `CMO-Historical-Data-Monthly.xlsx`, linaloanzia 1960 na halilipiwi. Fahirisi nimeichukua kwenye FRED, hazina ya takwimu ya Benki Kuu ya Marekani tawi la St. Louis. Bei za vilele vya siku mojamoja nimeziandika kwa mkono, kwa sababu ni chache.

Anayefuata nyuma yangu azingatie alama ya mfululizo wa fahirisi. `CPIAUCSL` umesawazishwa kwa misimu na hurekebishwa baadaye. `CPIAUCNS` haukusawazishwa, na namba yake ikishatoka hukaa palepale. Mimi natumia wa pili. Mara ya kwanza nilipakua wa kwanza bila kujua, na 850 ikawa 3,535 badala ya 3,549. Tofauti ni ndogo, ila ilinichukua nusu saa kujua dola 14 zimeenda wapi.

Nimeacha nje miaka ya nyuma ya 1971. Tangu 1934 bei ilikuwa dola 35 kwa tamko la serikali ya Marekani, na Agosti 1971 Rais Nixon akaufunga mlango wa kubadilisha dola kwa dhahabu. Bei iliyofungwa kwa amri haiwezi kuvunja rekodi, na haina kilele cha kulinganisha.

8 Novemba 2025: Mstari mmoja uliohama

Hili ndilo kosa lililonitoa jasho. Benki ya Dunia huandika mwezi kama `1980M01`, FRED huandika `1980-01-01`. Lahajedwali haikuzitambua kuwa ni kitu kimoja, basi mimi kwa uvivu nikabandika safu mbili kando kwa kando, nikaamini zitaoana zenyewe. Safu ya fahirisi ilikuwa imeshuka mstari mmoja. Kila bei ya dhahabu ikawa inagawanywa kwa fahirisi ya mwezi uliotangulia.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Namba zote zinafanana na ukweli. Wastani wa Januari 1980, takriban dola 675, ukawa 2,858 wakati ulipaswa kuwa 2,818. Nani angeshtuka?

Kilichonishtua ni mstari wa mwisho. Septemba 2025 ndiyo mwezi wangu wa msingi, kwa hiyo bei yake ikigeuzwa lazima ibaki vilevile: dola ya Septemba ni dola ya Septemba. Wastani wa mwezi ule ulikuwa karibu 3,668, lakini jedwali langu likasema 3,677. Dola tisa zimetoka wapi? Zimetoka kwenye fahirisi ya Agosti, 323.976, iliyokaa mahali pa Septemba.

Tiba ni kugeuza tarehe kwanza, kisha kuitafuta fahirisi kwa tarehe, usibandike kwa macho:

```
=DATE(LEFT(A2,4),RIGHT(A2,2),1)
```

Na jaribio la mstari wa mwisho nimeliacha ndani ya jedwali kwa kudumu. Likitoa kitu kingine zaidi ya bei ileile, kuna mahali pameharibika. Muda uliopotea: saa tatu na robo.

9 Novemba 2025: Jedwali la kwanza, vilele vya siku moja

Hivi ndivyo rekodi zilizotangazwa zinavyoonekana zikivaa dola za Septemba 2025:

| Kilele | Bei ya siku ile | Dola za Septemba 2025 |
|---|---|---|
| 21 Januari 1980 | 850 | 3,549 |
| Septemba 2011 | 1,895 | 2,713 |
| 6 Agosti 2020 | 2,067 | 2,583 |

Bei zote tatu ni za alasiri ya London, ili nisichanganye na soko la papo kwa hapo, ambalo karibu kila mara lina kilele cha juu kidogo.

Tazameni mstari wa tatu. Agosti 2020 dunia nzima iliambiwa dhahabu haijawahi kuwa ghali namna hii, na kwa dola za mkononi ni kweli. Lakini haikufika hata ilipokuwa 2011. Rekodi ya 2020 ilikuwa fupi kuliko ile iliyodaiwa kuivunja.

Januari 2008 ilikuwa na kichekesho zaidi. Ndipo dhahabu ilipoipita 850 kwa mara ya kwanza baada ya miaka 28. Fahirisi ya mwezi ule ilikuwa 211.08, kwa hiyo ili kuipita 1980 kweli ilihitaji kufika takriban dola 2,306. Aliyenunua kileleni 1980 alirudishiwa idadi ya noti zake, na noti zile zilinunua kama theluthi moja tu ya alichotoa.

15 Novemba 2025: "Mbona wengine wanasema 3,350?"

Rafiki yangu ninayemtumiaga majedwali haya kabla ya mtu mwingine alinipigia simu.

"Kaka, hesabu yako inanitia wasiwasi. Nimekuta 3,350 sehemu mbili tofauti. Wewe umepata wapi 3,549?"

Nilimwambia anipe siku moja. Ilinichukua dakika kumi. 3,350 inapatikana ukichukua kilele cha siku moja, 850, ukakigawa kwa wastani wa fahirisi wa mwaka mzima wa 1980, yaani 82.4, badala ya fahirisi ya Januari, 77.8. Mwaka ule bei zilikuwa zinapaa. Fahirisi ya wastani inabeba mfumuko wa miezi iliyofuata, ambayo mnunuzi wa Januari alikuwa hajaiona bado. Kwa mwaka tulivu kosa hili ni senti. Kwa 1980 ni dola 198.

Na si la kinadharia. Tarehe 22 Aprili 2025 dhahabu iligusa dola 3,500. Kwa kipimo cha wastani wa mwaka, kizingiti siku ile, yaani 850 ikigeuzwa kuwa dola za Aprili 2025, kilikuwa 3,309, kwa hiyo rekodi ya 1980 ilionekana imevunjwa vizuri tu. Kwa fahirisi ya Januari 1980 dhidi ya ya Aprili 2025, ambayo ni 320.795, kizingiti kilikuwa 3,505. Ilibaki dola tano. Ikageuka, ikarudi chini, na haikukivuka kizingiti hicho hadi mwanzoni mwa Septemba.

Nilipompelekea, akajibu: "Basi andika kabisa kwamba mwezi kwa mwezi, siyo siku kwa mwaka." Nimeandika.

16 Novemba 2025: Mizani tatu

Simu ile iliniamsha kwa jambo kubwa kuliko lenyewe. Ikiwa kulinganisha siku na mwaka ni kosa, je, kilele cha siku moja chenyewe ni kitu cha kulinganisha?

850 iliishi siku moja. Tarehe 21 Januari ilikuwa 850, tarehe 22 ikawa 737.50. Ni watu wangapi hasa walinunua au kuuza kwa bei ile? Bei ya Oktoba 2025, hata baada ya kuporomoka, ilikaa juu ya 3,900 mwezi mzima isipokuwa siku chache. Kulinganisha ncha ya sindano na mlima kwa kupima urefu tu kunanikwaza.

Nikarudia hesabu kwa mizani tatu: kilele cha siku, wastani wa mwezi, wastani wa mwaka.

Kwa siku, kizingiti cha 1980 ni 3,549 na kilivukwa mwanzoni mwa Septemba 2025.

Kwa mwezi, Januari 1980 ilikuwa na wastani wa takriban 675, sawa na 2,818 za sasa. Hapa mstari ulivukwa Februari 2025: wastani wa mwezi ulikuwa karibu 2,895, na kizingiti kwa fahirisi ya mwezi huo kilikuwa 2,768. Januari bado ilikuwa chini, 2,710 dhidi ya 2,756.

Kwa mwaka, 1980 ilikuwa na wastani wa takriban 612. Hapa ndipo 82.4 inapokaa mahali pake, mwaka kwa mwaka, na jibu ni karibu 2,412. Mwaka 2024 ulikuwa na wastani wa takriban 2,388, ambao kwa dola za Septemba 2025 ni 2,472. Kwa mizani hii rekodi ilikuwa imevunjwa kabla 2025 haijaanza.

Takwimu zilezile, majibu matatu. Lakini kilichonifanya nisimame ni 2012. Wastani wa mwaka ule ulikuwa 1,669, sawa na 2,361 za sasa, yaani asilimia 98 ya 1980. Rudini kwenye jedwali la tarehe 9: kwa kilele cha siku, 2011 ilifikia robo tatu tu ya 1980, ikaonekana mtoto mbele ya baba. Kwa mwaka mzima, kipindi kilekile kinasimama bega kwa bega na 1980. Tofauti yote ni ile sindano ya wiki chache za Januari.

Tangu leo mizani yangu kuu ni wastani wa mwaka na wa mwezi. Kilele cha siku nakiweka pembeni kwa wanaokipenda.

22 Novemba 2025: Mwezi usio na fahirisi

Nilikuwa nasubiri fahirisi ya Oktoba ili nihamishie msingi wa jedwali kwenye mwezi wa rekodi yenyewe. Haitakuja. Serikali ya Marekani ilikosa bajeti kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba, wakusanyaji bei hawakwenda madukani, na jana Ofisi ya Takwimu za Kazi imetangaza kwamba fahirisi ya Oktoba haitatolewa. Bei ya mwezi uliopita haiwezi kukusanywa mwezi huu.

Nilijaribu kukisia kwa kuongeza asilimia 0.3 juu ya Septemba, nikafuta. Nitasubiri ya Novemba kisha nichukue katikati. Msingi wangu unabaki Septemba.

29 Novemba 2025: Fahirisi yenyewe ilibadilika 1983

Wiki nzima nimekuwa nikikisoma kipimo badala ya kukitumia, na nimekuta jambo ambalo ningelijua mwanzo ningepanga kazi tofauti.

Hadi mwisho wa 1982 fahirisi hii ilihesabu gharama ya mwenye nyumba kwa bei za nyumba na riba za mikopo ya nyumba. Kuanzia Januari 1983 ikahamia kwenye kodi: mwenye nyumba angelipa kodi kiasi gani kama angekuwa mpangaji wa nyumba yake mwenyewe. Hoja ni kwamba nyumba ni mali unayoweza kuiuza kesho, na kinacholiwa mwezi kwa mwezi ni makazi.

Sasa fikirini 1979 na 1980. Riba zilikuwa zinapanda kwa kasi, na fahirisi ya zamani ikazimeza zote. Ilisema bei zimepanda asilimia 13.5 kutoka wastani wa 1979 hadi wa 1980. Ofisi hiyohiyo baadaye ilitengeneza mfululizo unaorudi hadi 1978 kwa njia za kisasa, na mfululizo huo unasema karibu asilimia 11. Fahirisi rasmi yenyewe haikurekebishwa nyuma, kwa sababu mishahara na mikataba ya kodi ilikuwa imeshafungwa juu yake.

Maana yake kwangu: mfumuko tangu 1980 ulikuwa mdogo kuliko ule ninaotumia, hivyo dola za 1980 zikigeuzwa zinakuwa chache. Kwa wastani wa mwaka pengo ni kama asilimia 5, na 2,412 inashuka hadi karibu 2,300. Na 2012, yenye 2,361, inapita.

Nilikaa nikaitazama namba hiyo. Kwa kilele cha siku na fahirisi rasmi, 1980 ilitawala hadi Septemba 2025. Kwa wastani wa mwaka na fahirisi iliyorekebishwa, ilishang'olewa 2012. Miaka 13 ya tofauti, na hakuna aliyedanganya.

Wapo wanaodai kinyume, kwamba fahirisi ya sasa inaficha mfumuko na kilele cha kweli cha 1980 ni kikubwa mno. Nimejaribu kuifuata hoja hiyo. Wengi huongeza asilimia ileile kila mwaka juu ya fahirisi rasmi bila kukusanya bei hata moja, na kwa miaka 45 asilimia ndogo hugeuka jabali. Siwezi kuiweka kwenye jedwali.

20 Desemba 2025: Novemba imefika

Fahirisi ya Novemba ilitoka juzi: 324.122, chini kidogo ya Septemba, jambo la kawaida kwa mfululizo usiosawazishwa kuelekea mwisho wa mwaka. Katikati ya hizo mbili ni 324.461, ambayo naiweka Oktoba kwa rangi ya kijivu ili kila anayenakili ajue ni ya kubuni. Kilele cha 1980 kinakuwa 3,545 badala ya 3,549, kwa hiyo woga wangu wote wa mwezi uliokosekana ulikuwa na thamani ya dola nne.

Wastani wa Oktoba 2025 ulikuwa karibu 4,058. Dhidi ya Januari 1980 kwa mizani ya mwezi, yaani 2,815, hiyo ni asilimia 44 juu. Kwa kilele cha siku, 4,381 dhidi ya 3,545, ni takriban asilimia 24 juu. Kwa hiyo bei ya sasa ni kubwa kwa mizani yoyote niliyojaribu, na hakuna fahirisi kati ya hizi mbili inayoirudisha chini ya 1980. Kinachobishaniwa ni lini ilianza kuwa kubwa.

Nimeongeza mstari mmoja kwa anayetaka kujua upande wa pili wa kilele. Agosti 1999 wastani ulikuwa karibu 257, sawa na 500 za leo. Kutoka 2,818 hadi 500 kwa miaka 19. Ni tukio moja tu la aina yake kwenye data yangu, kwa hiyo sikulichorea mstari wa kwenda mbele.

Gharama hadi sasa: dola 12 za faili nisilolitumia, na saa 19, ambazo karibu nne ni za mstari uliohama na utafutaji wa dola zilizopotea. Jedwali linalotumika lina safu nne: tarehe, bei, fahirisi, bei iliyogeuzwa.

Kinachofuata ni fahirisi ya Desemba, Januari ikifika. Nayo ikitoka, 2025 itakuwa na wastani wake wa mwaka, ila wa miezi 11 iliyopimwa na mmoja wa kijivu.